Mnyororo wa Sturm: kuhesabu mizizi bila kuitafuta

Polinomia x³ − 7x + 7 ina thamani ya 1 pale x inapokuwa 1, na x inapokuwa 2 thamani yake ni 1 tena. Anayetafuta mizizi yake, yaani namba zinazoifanya iwe sifuri, anaweza kupapita hapo bila kusimama, kwa kuwa ncha zote mbili ni chanya. Kumbe mizizi miwili imejificha katikati. Grafu yake hushuka chini ya sifuri kidogo tu, kama 0.13, kisha hupanda tena. Ukiibadili 7 ya mwisho iwe 7.2, ncha zinabaki chanya vilevile, kila moja 1.2, lakini safari hii grafu haigusi sifuri kabisa. Kwa kuzitazama ncha peke yake, polinomia hizi mbili hazitofautishiki.

Kanuni za kuhesabu alama zilikuwepo zamani. Ya Descartes ilichapishwa mwaka 1637, na mwanzoni mwa karne ya 19 Budan na Fourier walipata nyingine inayofanya kazi kati ya namba mbili zozote. Hiyo ya Budan na Fourier, ikitumiwa kati ya 1 na 2, inazijibu polinomia zote mbili kwa maneno yaleyale: mizizi ni miwili, au hakuna hata mmoja. Inatoa kikomo cha juu tu. Jibu kamili liliwasilishwa mwaka 1829 mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris na Charles Sturm, mzaliwa wa Geneva, aliyekuwa bado hajatimiza miaka 30.

Njia yake ni kuunda mnyororo wa polinomia. Ya kwanza, P₀, ni ile inayochunguzwa. Ya pili, P₁, ni polinomia inayotoa mteremko wa ya kwanza katika kila nukta. Kwa x³ − 7x + 7 ni 3x² − 7. Kisha P₀ inagawanywa kwa P₁, baki linachukuliwa, na alama zake zote zinageuzwa: chanya kuwa hasi, hasi kuwa chanya. Hiyo ndiyo P₂. Halafu P₁ inagawanywa kwa P₂, baki linageuzwa, na kazi inaendelea hivyo hadi ibaki namba tupu. Ni utaratibu uleule wa Yuklidi wa kutafuta kigawo kikubwa cha shirika, isipokuwa kule kugeuza alama.

Katika mfano huu, baki la kwanza ni −14x/3 + 7. Likigeuzwa linakuwa 14x/3 − 7, na kwa kuwa kuzidisha kwa namba chanya hakuharibu alama, linaweza kurahisishwa kuwa 2x − 3. Ukigawanya 3x² − 7 kwa 2x − 3 unabaki na −1/4, ambayo ikigeuzwa ni 1/4. Mnyororo umekamilika:

x³ − 7x + 7, 3x² − 7, 2x − 3, 1/4

Sasa kila polinomia inapewa namba ya ncha, na kinachoandikwa ni alama tu. Kwenye 1 thamani ni 1, −4, −1 na 1/4, yaani chanya, hasi, hasi, chanya. Ukisoma kutoka kushoto, alama imebadilika mara 2. Kwenye 2 thamani zote ni chanya, hakuna badiliko. Mbili toa sifuri ni mbili, na hiyo ndiyo idadi ya mizizi kati ya 1 na 2. Ukitaka kuitenganisha, pima kwenye 1.5: hasi, hasi, sifuri, chanya. Sifuri inarukwa, kwa hiyo badiliko ni 1. Mzizi mmoja uko kati ya 1 na 1.5, mwingine kati ya 1.5 na 2. Mzizi ukiangukia kwenye ncha ya kulia kabisa unahesabiwa. Wa ncha ya kushoto hauhesabiwi.

Kwa 7.2 hatua ni zilezile, ila namba ya mwisho ya mnyororo inatoka hasi, takriban −0.14. Badiliko moja kwenye 1, badiliko moja kwenye 2. Tofauti ni sifuri. Fumbo lote lililowashinda Budan na Fourier limebebwa na alama ya namba hiyo moja.

Kwa nini hesabu hii haidanganyi? Chukua x iwe inatembea kutoka kushoto kwenda kulia, na idadi ya mabadiliko ikifuatwa njiani. Kabla tu ya kufika kwenye mzizi, grafu inaelekea sifuri, kwa hiyo thamani na mteremko vina alama tofauti. Ikishavuka, inaondoka sifuri, na alama zinafanana. Badiliko moja limepotea, na halirudi. Wasiwasi unaobaki ni polinomia za katikati, ambazo nazo hupita kwenye sifuri zao. Hapo ndipo kugeuza alama kunapolipa. Pale P₂ inapokuwa sifuri, P₁ inakuwa sawa na P₃ yenye alama iliyogeuzwa, yaani majirani wake wawili wana alama zinazopingana. Yeye awe chanya au hasi, kati ya watatu hao kuna badiliko moja tu, kabla na baada.

Kusahau kugeuza ndilo kosa la kawaida, nalo lina ujanja wake. Kwenye mfano wa 7, asiyegeuza atapata mabadiliko 3 kwenye 1 na 1 kwenye 2, tofauti 2, jibu sahihi kwa bahati tu. Akipima kwenye 1.5 ndipo anaumbuka: hakuna badiliko, na hivyo kati ya 1.5 na 2 anapata mizizi −1. Idadi ikitoka hasi, kosa limo ndani ya mnyororo.

Mzizi unaojirudia haumalizi mnyororo kwa namba tupu. Polinomia x³ − 3x + 2 ni (x − 1)²(x + 2), na mnyororo wake unakomea kwenye x − 1, kwani mgawanyo unaofuata hauna baki. Kati ya 0 na 2 hesabu inatoa 1: mzizi huo umehesabiwa mara moja, ingawa umejirudia. Kanuni bado inashika, ili mradi ncha isiwekwe juu ya mzizi wa namna hiyo.

Tatizo kubwa zaidi ni desimali. Badala ya 7 weka 7.128, na namba ya mwisho ya mnyororo ni takriban 0.0009, weka 7.129, inakuwa kama −0.0011. Mizizi miwili upande mmoja, hakuna upande wa pili. Anayekadiria hadi desimali mbili anaona 0.00 katika hali zote mbili, na atadhani kuna mzizi unaojirudia. Ndiyo maana mnyororo huundwa kwa namba kamili au sehemu, bila kukadiria. Gharama yake ni kwamba namba zinazotangulia x hurefuka haraka kila baki jipya linapotolewa, na kwa polinomia za vipeo vikubwa hujaza mistari mizima. Kwa sababu hiyo programu nyingi za kompyuta zinazotenganisha mizizi huanza na kanuni ya Descartes, zikikata masafa nusu kwa nusu, mbinu iliyoelezwa na Collins na Akritas mwaka 1976.