Rimu 600 zina kilo ngapi?

Chukua rimu ya karatasi za A4 usome maandishi madogo kwenye kifungashio chake. Mahali fulani utakuta 80 g/m², au pengine 70 g/m². Wengi huichukulia kama alama ya ubora, kwamba ya 80 ni nzuri na ya 70 ni ya bei rahisi, wakaishia hapo. Kumbe hapo pameandikwa uzito: karatasi hiyo ikitandazwa mpaka ikaenea mita moja ya mraba, itakuwa na gramu 80.

Kinachobaki ni kujua A4 moja ni sehemu gani ya mita hiyo ya mraba. Karatasi za aina ya A zilipangwa kwa kukatwa katikati. Ya kwanza, A0, ina eneo la mita moja ya mraba. Ikate katikati upate A1, A1 nayo uikate upate A2, na hivyo hivyo. Mkato wa nne unakufikisha A4, na kufikia hapo A0 imetoa vipande 16. Gramu 80 ukizigawa kwa 16 unapata gramu 5 kwa karatasi. Rimu ina karatasi 500, kwa hiyo ni kilo 2 na nusu, na hujagusa mizani. Ya gramu 70 kwa hesabu hiyo hiyo inakuja kilo 2.2 hivi.

Sasa tuseme shule imeagiza rimu 600 za gramu 80 kwa ajili ya mitihani, na zitahifadhiwa ofisini, ghorofa ya pili. Rimu huja tano tano kwenye boksi, kwa hiyo ni maboksi 120. Karatasi tupu za boksi moja zina kilo 12 na nusu. Ukiongeza boksi lenyewe na vifungashio, shika kilo 13. Mara 120 ni kilo 1,560. Hesabu ya namna hii, inayohusu mgongo wa mtu na gari la kubebea, afadhali ikosee kwa kuzidi kuliko kupungua.

Na gari ndilo linaloumbuka kwanza. Kirikuu, ile Suzuki Carry inayozunguka kila mtaa wa Dar es Salaam, kwao Japani imeandikishwa kubeba kilo 350. Gawanya kwa 13, unapata maboksi 26. Mzigo wetu unahitaji safari tano. Najua dereva atakucheka, atakuambia amewahi kubeba mara tatu ya hapo, na huenda ni kweli. Muulize basi springi alibadilisha lini, na breki zinashikaje akiteremka mlima. Mzigo ukizidi nyuma, pua ya gari huinuka na usukani huwa mwepesi, kwa sababu matairi ya mbele hayaikandamizi barabara inavyotakiwa.

Karatasi zina bahati ya kuandikwa uzito wake. Tofali halina. Tofali la saruji la inchi 6, lenye urefu wa sentimita 45, kimo cha 22 na nusu na unene wa 15, lina ujazo wa lita 15 na ushee. Mchanganyiko wa mchanga na saruji ulioshindiliwa vizuri una uzito wa karibu kilo 2 kwa lita, basi tofali zima linakaribia kilo 30. Kwa Kirikuu halali hayo ni matofali 11 tu! Lakini hiyo “karibu” ndiyo yenye kasheshe. Fundi anaweza kukuambia tofali lina kilo 25, kumbe lina 29. Tofauti ya kilo 4 kwa tofali moja haistui mtu. Kwa matofali 500 ni tani 2 nzima. Ukikosea kuhesabu matofali yenyewe, ukaruka matano, umepoteza kilo 150 tu. Watu huzunguka lundo wakihesabu mara mbili mbili, kisha uzito wa tofali moja wanaukisia kwa macho, wakati tatizo kubwa liko huko kwenye kukisia.

Kwa hiyo pima. Usipime tofali moja, pima kumi, na uyachukue sehemu mbalimbali za lundo: juu, chini, pembeni, katikati. Yaliyofyatuliwa siku tofauti huenda yamepata saruji au mchanga tofauti, na ya chini hukaa na maji zaidi. Ukikuta moja lina kilo 27 na jingine 32, usishangae; jumlisha yote, gawa kwa kumi, wastani huo ndio uuzidishe kwa idadi. Kabla ya yote ijaribu mizani kwa mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Mizani inayopunguza kilo moja itaipunguza kwa kila tofali, na hata ukipima mia, wastani hautakuokoa. Maji nayo ni mzigo. Tofali linalomwagiliwa ili likomae si tofali lile lile baada ya kukauka juani. Likiwa limenyonya lita moja tu, limeongeza kilo moja, na kwa matofali 500 hiyo ni nusu tani unayoilipia nauli. Ndiyo maana upimaji ufanywe siku ya kupakia, si wiki moja kabla.

Turudi kwenye maboksi yetu, maana kuyafikisha si mwisho. Vijana wameyapandisha ghorofani, na mwenye ofisi anataka yapangwe matano matano kwenda juu ili yasile nafasi. Kitako cha boksi ni kama sentimita 31 kwa 22, karibu asilimia 7 ya mita ya mraba. Juu ya hapo pamekaa kilo 65. Maboksi 120 yatakuwa nguzo 24 za namna hiyo, na zikibanana zinaenea mita 1.6 za mraba tu. Kila mita ya mraba ya eneo hilo inabeba zaidi ya kilo 900. Sakafu ya kawaida ya ofisi, kwa viwango vya Kiingereza vilivyotumika sana katika majengo yetu, husanifiwa kubeba kilonyutoni 2.5 kwa mita ya mraba, yaani kilo 250 hivi.

Hii haina maana kwamba zege litaporomoka jioni hiyo. Sakafu huugawa mzigo kwenda pembeni, na mhandisi huacha akiba. Lakini lundo likikaa miezi katikati ya chumba, mbali na kuta na bimu, sakafu hupinda polepole. Utaiona chini yake: ufa mwembamba kwenye dari ya chumba cha chini, au mlango wa huko ulioanza kukwama juu. Zikitokea dalili hizo, hamisha mzigo kwanza, umwite mhandisi baadaye.

Ukitaka kubaki ndani ya zile kilo 250, kilo 1,560 zinahitaji mita za mraba zaidi ya 6. Njia rahisi ni kuyapanga maboksi kwa safu moja ndefu, kimo cha boksi moja, sambamba na ukuta ambao chini yake kuna bimu au ukuta mwingine. Bimu ukiitafuta, shuka chumba cha chini utazame dari. Chumba kisipotosha, nusu ya maboksi yabaki chini kabisa, juu ya mbao ili yasinyonye unyevu wa sakafu.