Kwa Nini Kidonge Hiki Kinachelewa Kusambaratika?

Kidonge cha parasetamoli cha miligramu 500 kikitumbukizwa katika maji yenye joto kama la mwili, kinatakiwa kisambaratike ndani ya dakika 15. Ndivyo inavyotaka famakopia ya Uingereza, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, kwa vidonge visivyopakwa ganda. Kikipita muda huo kikiwa bado kizima, mwanafunzi wa famasia hatakiwi kuandika tu kwamba kimeshindwa. Anatakiwa aeleze kimeshindwa kwa nini. Jibu hulipata kwa kusoma pamoja vipimo vitatu rahisi: uzito, ugumu na kusambaratika.

Tuchukue mfano wa kundi la vidonge vya parasetamoli vilivyotengenezwa na wanafunzi wenyewe kwa mashine ndogo ya kukandamiza. Kila kidonge kina miligramu 500 za dawa. Kilichobaki ni wanga, gundi ya kushikamanisha na kiasi kidogo cha magnesiamu stearati, unga laini unaozuia kidonge kung'ang'ania mashine.

Uzito huanza, kwa sababu kipimo cha ugumu huvunja kidonge na cha kusambaratika hukimaliza kabisa. Mwanafunzi hupangusa vumbi, hushika vidonge kwa koleo ndogo na kupima 20, kimoja kimoja. Katika mfano wetu wastani ni miligramu 568. Kwa vidonge vyenye wastani wa miligramu 250 au zaidi, famakopia hiyo inaruhusu tofauti ya asilimia 5, ambayo hapa ni miligramu 28.4 juu au chini. Kwa hiyo mipaka ni 539.6 na 596.4. Vidonge viwili tu ndivyo vinavyoruhusiwa kutoka nje ya mipaka hiyo, na hakuna hata kimoja kinachoruhusiwa kupita asilimia 10.

Vidonge 18 vilikuwa ndani. Kimoja kilikuwa na 531 na kingine 602. Kundi limefaulu, ingawa kwa shida, kwa kuwa kidonge cha tatu nje ya mipaka kingeliangusha lote. Mashine haipimi unga kwa mizani. Hujaza tundu, kisha hukandamiza kilichomo. Chembechembe za unga zikiteremka vizuri, kila tundu hujaa sawa. Zikiwa zimelowa kidogo, au zikiwa na vumbi jingi, hukwama, tundu moja likapata pungufu na linalofuata likazidi.

Tena, katika mashine hii ndogo nondo ya juu hushuka umbali uleule kila mara. Unga ukizidi katika tundu, hubanwa zaidi. Kwa hiyo kidonge kizito huwa pia kigumu, na mwanafunzi makini huweka kando vidonge vyake vizito na vyepesi ili avipime ugumu peke yao.

Kifaa cha ugumu kinachopatikana sana katika maabara za vyuo ni kile kiitwacho Monsanto. Kidonge hulazwa kati ya vyuma viwili, kikabanwa upande hadi upande, si juu na chini, huku springi ikisukumwa kwa kuzungusha parafujo. Kidonge kinapopasuka, mshale huonyesha nguvu kwa kilo. Kwa kawaida vidonge vya kumeza hutakiwa viwe kati ya kilo 4 na 8, ila hayo ni mazoea ya kazi, si sheria ya famakopia. Kinachofanya watu wakosee hapa ni mambo madogo: vipande vya kidonge kilichotangulia kubaki kati ya vyuma, parafujo kuzungushwa kwa pupa, au mstari wa kukatia kuelekezwa huku na kule. Mstari huo ukikaa tofauti kila mara, namba haziwezi kulinganishwa.

Katika kundi letu vidonge 10 vimetoa wastani wa kilo 12.5. Mwanafunzi asiye na uzoefu hufurahi, akidhani kidonge imara ndicho bora.

Kipimo cha tatu humzindua. Vidonge 6 huwekwa katika mirija 6 ya kioo iliyo wazi, yenye wavu chini wa matundu ya milimita 2. Mirija hiyo hupanda na kushuka ndani ya maji mara 29 hadi 32 kwa dakika. Maji yawe na nyuzi 37, zikipungua au kuzidi kwa 2 tu. Wavu ukiwa juu kabisa bado uwe chini ya uso wa maji, la sivyo kidonge kitaning'inia hewani na muda utakaoandikwa utakuwa si sahihi. Kidonge huhesabiwa kimesambaratika ikiwa hakuna kilichobaki juu ya wavu, au kimebaki kitonge laini kisicho na kiini kigumu kinapobonyezwa kwa kijiti.

Baada ya dakika 15, vidonge viwili bado vilikuwa na kiini kigumu. Kanuni inaruhusu kurudia kwa vidonge 12 vingine, na kati ya vyote 18 angalau 16 visambaratike. Kwa kuwa viwili vilishaanguka, hakuna tena nafasi ya kosa. Katika 12 hivyo, vitatu vilibaki. Kundi limeshindwa.

Viini vile vikikatwa kwa kisu, ndani ni vikavu. Maji hayakuingia. Wanga uliowekwa ili kuvunja kidonge hufanya kazi ukinywa maji na kuvimba. Pale unga ulipobanwa mno, vijitundu vya kupitishia maji vilizibika, na wanga ukabaki mkavu. Kilo 12.5 zilikuwa zimeshatoa onyo. Tiba yake ni kupunguza mkandamizo, kisha kupima upya.

Sasa tuseme kundi jingine nalo limechelewa hadi dakika 20, lakini ugumu wake ni kilo 3.5 tu na vidonge vinapukutika vumbi mkononi. Hapo mkandamizo hauna hatia. Mshukiwa ni magnesiamu stearati, ambayo ina asili ya mafuta na haipendi maji. Ikizidi, au ikichanganywa kwa muda mrefu, hufunika kila chembe kama utando. Chembe hazishikamani vizuri, ndiyo maana kidonge ni laini. Na maji hayazipenyi, ndiyo maana kinachelewa. Hapa kupunguza mkandamizo kungeharibu zaidi. Dawa yake ni kupunguza kiasi chake, na kuitia mwisho kabisa na kuichanganya kwa dakika chache tu.

Vidonge viwili vinaweza basi kuchelewa kwa dakika zilezile kwa sababu mbili zinazopingana, na anayezitenganisha ni kipimo cha ugumu.

Vipimo hivi vina mpaka wake pia. Kusambaratika maana yake kidonge kimekuwa chembe ndogo. Hakusemi kama dawa yenyewe imeyeyuka majini, jambo linalopimwa kwa kifaa kingine na kwa muda mrefu zaidi. Wala mizani haijui ni kitu gani inachopima. Kidonge cha chokaa na wanga, kisicho na chembe ya parasetamoli, kinaweza kufaulu vipimo vyote vitatu. Kwa hiyo mwanafunzi aliyefaulisha kundi lake katika uzito, ugumu na kusambaratika anaweza kuandika kwamba vidonge vimetengenezwa vizuri. Kuandika kwamba vina dawa, na kwa kiasi kilichotajwa, ni lazima asubiri kipimo cha kemia.