Ukiagiza picha, taja mwanga unatoka wapi

Anayeiomba programu ya akili unde imtengenezee picha "ya huzuni" au "ya kuvutia" ameiachia ibahatishe. Programu hizi zimejifunza kutoka kwenye picha nyingi mno zilizoambatana na maelezo, na wapiga picha huitaja taa au jua kwa jina lake. Ndiyo maana neno la mwanga mara nyingi huleta hisia unayoitaka kuliko neno la hisia lenyewe. Tumchukue mzee mmoja, fundi wa majahazi katika ufukwe wa Nungwi, Unguja, tumwangazie kwa namna nne. Maelekezo tutayaandika kwa Kiingereza, kwa kuwa sehemu kubwa ya maelezo yaliyotumika kuzifunza programu hizo yako katika lugha hiyo.

Tuanze na jua la jioni, saa ya dhahabu. Jua likiwa limebakiza nyuzi 6 hivi kufika kwenye upeo, mwanga wake husafiri mbali zaidi ndani ya hewa. Rangi ya buluu hutawanyika njiani, zikabaki manjano na wekundu. Karibu na Ikweta, ambako jua huzama karibu wima, hali hii hudumu dakika 25 hivi tu. Picha zake huleta joto la moyo, kumbukumbu na hisia za kuagana. Tatizo ni kwamba ukiandika `golden hour` peke yake, programu hupenda kuliweka jua nyuma ya mtu, uso wa mzee ukafifia. Dawa yake ni kutaja upande:

```
elderly dhow builder on a beach, golden hour,
low sun from camera left, long shadows
```

Sasa makunyanzi ya uso yataonekana, kwa sababu mwanga wa ubavuni huacha kivuli kidogo katika kila mkunjo.

Pengine lakini unataka jua, au taa, ikae nyuma yake makusudi. Huo ni mwanga wa ukingoni: mstari mwembamba unaong'aa kwenye mabega, masikio na mvi, huku uso ukibaki gizani. Hutoa hisia za siri, hatari au ushujaa, na ndiyo maana mabango ya filamu huupenda. Sharti lake ni mandhari ya giza. Mzee akisimama mbele ya anga jeupe, mstari ule humezwa usionekane. Basi mwingize ndani ya banda lake la kazi:

```
rim light from behind, dark workshop background,
face in shadow
```

Namna ya tatu ni softboksi, taa iliyofungiwa ndani ya kisanduku chenye kitambaa cheupe mbele. Kinachoulainisha mwanga wake ni ukubwa wa kile kitambaa ukilinganisha na umbali wa mtu. Softboksi ya upana wa mita 1 ikiwa mita 1 kutoka usoni hutoa vivuli vinavyofifia polepole. Ukiisogeza hadi mita 4, kwa uso ule ule inakuwa chanzo kidogo, na vivuli hukakamaa. Hisia yake ni usafi na utulivu wa studio, ndiyo maana hutumika sana katika picha za matangazo na vitambulisho vya kazi. Angalia tu programu isikuchoree kisanduku chenyewe ndani ya picha. Ikifanya hivyo, acha kukitaja chombo, eleza mwanga:

```
soft light from a large source, camera left
```

Mwisho ni mbingu iliyotandwa na wingu. Wingu husambaza mwanga wa jua kutoka anga zima, vivuli vikakaribia kutoweka na rangi za nguo zikaonekana bila mng'ao. Ukiandika `overcast, soft diffused light`, mzee yule yule ataonekana mpole, mwenye mawazo, pengine mpweke. Lakini usiongeze `dramatic shadows` hapo. Wingu na vivuli vikali havikai pamoja, na programu itachagua kimoja au kuvichanganya vyote viwili ovyo.

Mchanganyiko huo hujulikana kwa kutazama sehemu mbili. Kwanza, kivuli cha pua na kile cha kidevu: vikielekea pande tofauti, picha ina majua mawili. Pili, doa jeupe ndani ya mboni: likiwa la mraba, huo ni mwanga wa softboksi au dirisha, hata kama umeagiza jua la ufukweni. Ukiona hivyo, usianze kubadilisha nguo wala mandhari. Rudi kwenye maneno ya mwanga, ubakize chanzo kikuu kimoja, utaje upande wake, kisha ujaribu tena.