Slesi tatu za mkate: mweupe, wa ngano nzima na wa muhogo

Mkate mweupe, mkate wa ngano nzima na mkate uliochanganywa unga wa muhogo hutofautiana kuanzia kinuni, kabla unga haujafika kwa mwokaji. Punje ya ngano ina sehemu tatu. Nje kuna ganda, ambalo likisagwa huitwa pumba. Chini kuna kiini kidogo ambacho kingeota mche. Katikati, na kwa sehemu kubwa zaidi, kuna moyo mweupe uliojaa wanga. Unga mweupe ni ule moyo peke yake. Unga wa ngano nzima ni punje yote bila kutupa kitu. Wanaoijua tofauti ya sembe na dona wanalijua jambo hili tayari, maana ni ukoboaji uleule, ila umefanyiwa ngano badala ya mahindi.

Muhogo hauna ganda la namna hiyo. Ni mzizi, na kazi ya mzizi ni kuhifadhi wanga. Ukimenywa, ukakunwa, ukakamuliwa maji, ukakaushwa na kusagwa, unapatikana unga ambao katika kila gramu 100 una protini ya gramu 1 hadi 2 tu. Unga mweupe wa ngano una takriban gramu 11, na wa ngano nzima takriban 13. Katika tarakimu hizo tatu ndimo ilimo karibu hadithi nzima ya protini katika mikate hii.

Ili kulinganisha kwa haki, inafaa kuoka mikate yote mitatu kwa kipimo kimoja. Chukua kilo 1 ya unga, gramu 600 za maji, gramu 40 za sukari, gramu 30 za siagi ya mimea, gramu 15 za chumvi na gramu 10 za hamira kavu. Donge zima huwa na uzito wa karibu kilo 1.7. Likiingia katika tanuri, sehemu ya maji hutoka kama mvuke, na uzito hupungua kwa kama asilimia 12. Kinachobaki ni kilo 1.5 ya mkate, yaani slesi 50 za gramu 30 kila moja. Kwa mkate wa ngano nzima maji huongezwa hadi kama gramu 680, kwa kuwa pumba hunywa maji mengi, na slesi zinazopatikana hufika 52. Kwa mkate wa muhogo, gramu 200 za unga wa ngano mweupe huondolewa na gramu 200 za unga wa muhogo huwekwa mahali pake. Huo ndio mchanganyiko wa asilimia 20.

Protini ya slesi ya mkate mweupe hutoka kuwa kama gramu 2.2. Slesi ya ngano nzima ina gramu 2.5. Slesi ya muhogo ina gramu 1.8. Tofauti ipo, lakini si kubwa kama wengi wanavyodhani. Anayekula slesi mbili za ngano nzima asubuhi anampita jirani yake wa mkate mweupe kwa zaidi kidogo ya nusu gramu ya protini. Yai moja la kuchemsha lina kama gramu 6. Tena protini ya ngano, iwe nyeupe au nzima, ina upungufu wa laisini, mojawapo ya vijenzi vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage yana laisini ya kutosha. Mkate na maharage, chakula cha asubuhi cha mafundi na wanafunzi wengi, ni mlo uliopangika vizuri kuliko mkate na chai peke yake, hata mkate huo ukiwa wa ngano nzima.

Katika nyuzinyuzi ndipo mikate hii inapoachana kabisa. Slesi nyeupe ina takriban nusu gramu. Slesi ya ngano nzima ina takriban gramu 2, yaani mara nne. Sababu ni pumba, kwa kuwa nyuzinyuzi za ngano ziko karibu zote kwenye ganda, na ukoboaji ndio unaolitupa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Slesi nne za ngano nzima zinampa kama gramu 8, karibu theluthi ya mahitaji hayo. Slesi nne nyeupe zinampa gramu 2 tu.

Slesi ya muhogo, kwa nyuzinyuzi, inakaa palepale ilipo slesi nyeupe: takriban nusu gramu, na kitu kidogo sana juu yake. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Muhogo ni chakula cha shambani, cha asili, na sifa hiyo huufuata mkate wake hadi dukani, kana kwamba ni ndugu wa dona. Kwa hesabu ya lishe ni ndugu wa sembe. Unga mzuri wa muhogo wa kuokea ni mweupe na laini, na uzi mgumu wa katikati ya muhogo pamoja na maganda yake vimekwisha kuondolewa. Kuuongeza katika unga mweupe ni kuongeza wanga juu ya wanga.

Wanga wenyewe hautofautiani sana. Slesi nyeupe ina takriban gramu 15.4, ya muhogo 15.8, na ya ngano nzima 12.5. Upungufu wa ngano nzima unatokana na pumba kuchukua nafasi ya wanga, na maji mengi zaidi kuchukua sehemu ya uzito. Ila kuna jambo la kuangaliwa kwenye lebo. Katika nchi nyingine, Marekani ikiwamo, nyuzinyuzi huhesabiwa ndani ya kabohaidreti. Katika Umoja wa Ulaya huandikwa kando. Mkate uleule wa ngano nzima unaweza basi kuonyesha gramu 14.5 za kabohaidreti kwa slesi kwenye pakiti moja na 12.5 kwenye pakiti nyingine, bila yeyote kudanganya. Kabla ya kulinganisha pakiti mbili, ni lazima kujua nyuzinyuzi zimewekwa wapi.

Mgonjwa wa kisukari anahitaji tahadhari moja zaidi. Mkate wa ngano nzima uliosagwa laini hupandisha sukari ya damu kwa kasi inayokaribiana sana na ile ya mkate mweupe. Katika majedwali ya kimataifa ya kasi hiyo, ambamo glukosi tupu hupewa 100, mkate mweupe una wastani wa 75 na wa ngano nzima 74. Nyuzinyuzi za pumba ya ngano husaidia choo na hufanya tumbo lijisikie limejaa, lakini hazizuii wanga uliosagwa laini kumeng'enywa haraka. Kwake yeye idadi ya slesi ina uzito kuliko rangi yake.

Neno slesi nalo si kipimo cha kuaminika. Mkate wa gramu 400 ukikatwa vipande 16 hutoa slesi za gramu 25, na ukikatwa vipande 10 hutoa slesi za gramu 40. Njia rahisi ni kugawa uzito ulioandikwa kwenye pakiti kwa idadi ya slesi zilizomo. Mkate wa muhogo huleta mtego wake hapa. Ngano ina gluteni, protini ambayo ikikandwa hujisuka kuwa utando wa kuvutika unaonasa hewa ya hamira. Muhogo hauna gluteni. Ukichanganywa kwa asilimia 10, mlaji wa kawaida hagundui. Kwa asilimia 20 mkate huumuka pungufu ya matumaini ya mwokaji asiyeuzoea, isipokuwa amepunguza haraka ya kuukanda na kuupa muda. Kwa asilimia 30 utando huo hukatika kwa urahisi: mkate hutoka mfupi, umeshikana, na slesi ikipakwa siagi humeguka pembeni na kuacha chenga mezani. Slesi fupi ya namna hiyo ina uzito uleule wa slesi ndefu ya mkate mweupe, lakini machoni ni ndogo. Anayekata kwa kisu nyumbani huongeza unene ili kufidia, na wanga unaongezeka bila yeye kutambua.

Protini iliyopotea katika mkate wa muhogo inaweza kurudishwa. Unga wa soya usiokamuliwa mafuta una takriban gramu 36 za protini katika kila gramu 100. Katika kilo ileile ya unga, ngano ikiwa gramu 725, muhogo 200 na soya 75, protini hufika karibu gramu 110, sawasawa na kilo ya unga mweupe mtupu. Soya pia huleta ile laisini inayokosekana kwenye ngano. Gharama yake ni kwamba gluteni imepungua tena, hivyo mkate hautapanda kama mweupe, na soya isipochomwa vizuri kabla ya kusagwa huacha ladha ya maharage mabichi.

Wazo la kuchanganya muhogo halikuanzia kwenye lishe. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianzisha mpango wake wa unga mchanganyiko mwaka 1964, kwa ajili ya nchi zinazoagiza ngano kwa fedha za kigeni huku mashamba yao yakizaa mihogo na mtama. Nigeria, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa muhogo duniani, iliufuata mkondo huo kwa nguvu, na Rais Goodluck Jonathan aliupigia debe mkate wa muhogo alipokuwa madarakani. Faida yake kwa mkulima na kwa hazina ya nchi ni ya kweli. Haipaswi tu kuuzwa kama faida ya protini au ya nyuzinyuzi.

Ubora wa unga wa muhogo unajulikana kwa pua na macho. Unga wa kuokea hutengenezwa siku ileile mihogo inapong'olewa au kesho yake, bila kuvundikwa. Ukiwa wa kijivu na wenye harufu ya uchachu kama ya makopa ya zamani, utauharibu mkate. Kukuna na kukamua kuna kazi nyingine kubwa zaidi: hupasua chembe za muhogo na kuruhusu sumu ya sayanidi itoke, hasa kwenye mihogo michungu. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kimataifa katika unga wa muhogo ni miligramu 10 kwa kilo.

Dukani, rangi ya kahawia si ushahidi wa ngano nzima, kwa sababu sukari iliyounguzwa au pumba kidogo hutosha kuigeuza rangi ya unga mweupe. Viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kikubwa kikitangulia. Mkate wa ngano nzima kweli huanza na maneno unga wa ngano nzima, na nyuzinyuzi zake huwa gramu 6 au zaidi katika kila gramu 100. Ukionyesha gramu 3, sehemu kubwa ya unga wake ni mweupe.

Na asiyeweza kula gluteni kwa sababu ya ugonjwa asiuguse mkate wa mchanganyiko kwa kuwa tu jina la muhogo limeandikwa mbele. Asilimia 80 ya unga wake bado ni ngano.