Kindu: Pointi za kadi ya benki huingia lini, na hufa lini?

Mwenye kadi mjini Kindu anayeitumia kutoa pesa kwenye mashine tu anaweza kungoja pointi bure. Hata kadi yenye mpango wa zawadi, kwa kawaida, huhesabu manunuzi peke yake. Kutoa pesa taslimu hakuhesabiwi, na mara nyingi hata kujaza pesa kwenye simu.

Chukua mfano wa mfanyabiashara anayelipa tiketi ya ndege ya Kinshasa, dola 250, kwa kadi inayorudisha asilimia 1. Anangoja dola 2 na senti 50. Siku ya malipo haoni kitu, sababu benki imeshikilia pesa tu, malipo hayajakamilika. Baada ya siku chache ununuzi unaandikwa kwenye akaunti, na ndipo marejesho huanza kuhesabiwa. Safari ikifutwa na akarudishiwa pesa yake, zile dola 2 na senti 50 nazo huondolewa.

Pointi nazo zinaweza kuwa na umri. Katika baadhi ya mipango kila fungu huwa na tarehe yake ya mwisho, kwa hiyo mwenye pointi 900 leo anaweza kubaki na 500 mwisho wa mwezi bila kununua kitu. Jumla peke yake haionyeshi hilo. Ni lazima kutafuta tarehe.

Kuhakikisha, mteja hutunza risiti, hulinganisha na taarifa ya akaunti ya mwezi, kisha hupiga hesabu mwenyewe. Ununuzi ukiwa umekamilika na marejesho hayapo, risiti hiyo ndiyo ya kupeleka benki.