Kopo la kreatini: Bei nafuu huenda ikawa ghali

WAFANYABIASHARA wa Nyololo wanaofuata bidhaa Dar es Salaam kwa kuuzia vijana wa mazoezi Mafinga na Makambako wanashauriwa kusoma lebo ya nyuma ya kopo kabla ya kuangalia bei. Kinachonunuliwa ni gramu za kreatini, si ukubwa wa kopo.

Chukulia makopo mawili ya gramu 300. La kwanza ni kreatini monohidrati tupu, kipimo kimoja gramu 5, bei ya jumla Sh 60,000. Hilo lina vipimo 60, na kila gramu ya kreatini inasimama Sh 200. La pili ni Sh 45,000, lakini kipimo chake ni gramu 10, yaani vijiko viwili vya plastiki vilivyomo ndani, hivyo lina vipimo 30 tu.

Aidha, lebo ya kopo la pili haitaji kiasi cha kreatini. Imeandikwa "propraiteri blendi", maana yake mchanganyiko wa siri wa mtengenezaji: gramu 7 za kreatini, taurini, beta-alanini na guarana. Gramu 3 zilizobaki ni sukari na ladha. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inaruhusu kuficha uzito wa kila kimoja, mradi uzito wa jumla utajwe na viambato vipangwe kuanzia kizito kwenda chepesi.

Mpangilio huo ndio unaomsaidia mnunuzi. Katika viambato vinne, cha kwanza hakiwezi kupungua robo ya mchanganyiko, yaani gramu 1.75. Kopo zima basi huenda likawa na gramu 52.5 tu za kreatini, na gramu moja ikafika karibu Sh 857. Kreatini ikiandikwa ya pili hali ni mbaya zaidi, kwani haiwezi kuzidi nusu ya mchanganyiko. Mtumiaji wa kawaida huhitaji gramu 3 hadi 5 kwa siku, na mteja asiyeona mabadiliko harudi dukani.

Guarana nayo ni kafeini kwa jina jingine. Hatari kubwa zaidi ni DMAA, kichangamshi kinachopandisha shinikizo la damu, ambacho mwaka 2012 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watengenezaji kukihusu. Huandikwa pia methilheksanamini au dondoo ya jerani. Hata hivyo, kisichoandikwa kabisa hakionekani kwa macho. Hugunduliwa maabara tu. Mwenye shaka aombe cheti cha upimaji cha toleo hilohilo, namba ikilingana na iliyo kwenye kopo, na ahakikishe bidhaa imesajiliwa na TBS, iliyokabidhiwa usimamizi wa vyakula mwaka 2019.