Mteja Anaandika Nini Anapotafuta Saluni?

Dada anayekaa Sinza na ana harusi Jumamosi hatafuti "huduma bora za urembo wa kisasa". Ijumaa mchana anafungua simu na kuandika "knotless braids Sinza", au "saluni ya kusuka karibu nami". Google inamletea ramani, na chini yake kwa kawaida saluni tatu: jina, nyota, saa za kufungua, kitufe cha kupiga simu. Wengi huishia hapo na kupiga simu. Saluni iliyo mtaa wa pili kutoka kwake inaweza kukosekana kabisa kwenye orodha hiyo, hata kama ina wasusi hodari, kwa sababu hakuna mahali ilipoandikwa kwamba inasuka mtindo huo. Ukutani kuna picha, Instagram kuna picha, lakini maandishi hakuna.

Orodha ile hutokana na wasifu ambao mwenye biashara huujaza mwenyewe, bila malipo. Unaitwa Google Business Profile. Hadi Novemba 2021 uliitwa Google My Business. Google yenyewe inaeleza kwamba hupanga biashara za jirani kwa mambo matatu: jinsi biashara inavyolingana na kilichotafutwa, umbali wake kutoka kwa anayetafuta, na umaarufu wake. Umbali hauandikiki, saluni ya Mbagala haitamfuata mteja wa Mwenge kwa maneno matamu. Umaarufu hujengwa taratibu na maoni ya wateja. Kulinganishwa na utafutaji ndiko kulikoachwa mikononi mwako zaidi, na huko maandishi machache yaliyokaa mahali pake yanafanya kazi kuliko aya ndefu ya sifa.

Kila habari na kisanduku chake

Kosa la kawaida ni kurundika kila kitu kwenye jina. Mtu anasajili jina lililo kwenye kibao chake, kisha analirefusha kwa "Kusuka Dreadi Kucha Sinza Dar es Salaam Bei Nafuu". Kanuni za Google zinataka jina liwe lile linalotumika mlangoni na kwa wateja, basi. Aliyerefusha jina anaweza kuripotiwa na saluni jirani, na wasifu ukasimamishwa. Kuurudisha huhitaji rufaa na subira, na wakati huo simu hazipigwi.

Kazi uliyotaka jina lifanye hufanywa na kategoria. Kategoria huchaguliwa kwenye orodha ya Google, hutungi yako. Unapewa moja kuu na unaweza kuongeza nyingine hadi tisa. Ile kuu ina uzito mkubwa, kwa hiyo iwe kazi inayokuletea wateja wengi. Saluni ambayo wateja wake wengi huja kusuka ichague "Hair salon" kuwa kuu, na "Nail salon" iwe ya nyongeza ikiwa kuna dada wa kucha pembeni. Ukiweka "Beauty salon" kuwa kuu kwa sababu inasikika pana, unajiweka pamoja na wanaofanya uso, kope na masaji. Na kategoria ya kazi usiyoifanya usiiweke: mteja aliyefuata "Barber shop" akakuta hakuna kinyozi ataandika nyota moja.

Baada ya hapo kuna sehemu ya huduma, na hii ndiyo wengi huiacha tupu. Hapa unaandika kila huduma kwa mstari wake, na unaweza kuongeza bei na maelezo mafupi. Andika kwa maneno ya mteja. Maneno hayo unayo tayari kwenye WhatsApp ya saluni: soma ujumbe wa mwezi mmoja uliopita uone watu wanaulizaje. Mmoja anasema "mnasuka knotless?", mwingine "mabutu ya mtoto bei gani", wa tatu "mnakaza dreadi?" Kila swali linalojirudia ni mstari mmoja. Dar es Salaam watu huchanganya lugha wanapotafuta, hivyo kama mtindo unajulikana kwa jina la Kiingereza, uandike kama wanavyouandika wao, na huduma nyingine ziache kwa Kiswahili. Unaweza pia kuandika "kusuka" kwenye kisanduku cha Google bila kubonyeza kitu, ukaangalia maneno inayokupendekezea. Mapendekezo hayo hutokana na yale watu wanayotafuta.

Mstari mzuri wa huduma ungekuwa hivi: "Knotless za kati, kuanzia sh. 35,000, saa nne hadi sita, rasta hazimo kwenye bei." Bei hiyo ni ya mfano tu, cha kuiga ni mpangilio wake. Mteja amejua mtindo, pesa, muda na kama aje na rasta zake. Anayesoma "njoo inbox kwa bei" hajajua hata kimoja.

Saa na mahali

Kwenye saa za kazi kuna mtego unaotukamata sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Fomu ya Google inatumia saa za kimataifa. Ukifungua saa mbili asubuhi, andika 8:00 AM. Ukifunga saa mbili usiku, andika 8:00 PM. Aliyejaza 2:00 ameiambia Google kwamba anafungua usiku wa manane au mchana, na mteja anayetafuta asubuhi ataona neno linalosema saluni imefungwa. Siku za sikukuu zina sehemu yake ya saa maalumu. Mkesha wa Idi na wa Krismasi ndio siku ambazo saluni nyingi husuka hadi usiku, na ndizo siku za kujaza sehemu hiyo mapema.

Kwa mahali, tumia jina la barabara na namba iliyo kwenye kibao cha anwani ya makazi kama nyumba yako inacho, kisha isogeze alama ya ramani kwa kidole mpaka ikae juu ya mlango wako. Ramani ikikosea hata kwa mtaa mmoja, mteja ataingia uchochoro usio wako na kuishia kwa jirani. Kisha fuata maelekezo ya njia kwenye simu ya mtu mwingine, uone yanakufikisha wapi.

Google itataka uthibitisho kwamba saluni ipo na ni yako. Mara nyingi huomba video moja isiyokatwa: anza barabarani, onyesha kibao, fungua mlango kwa ufunguo wako, onyesha viti, draya na vifaa vya kazi. Kabla ya hapo, tafuta jina la saluni kwenye ramani. Kama aliyepanga fremu hiyo kabla yako, au mteja, alikwisha kuiweka, iombe umiliki wake badala ya kuanzisha ya pili, maana wasifu mbili za saluni moja hugawana maoni na kumchanganya mteja.

Aya moja ya kujieleza

Sasa ndipo tunafika kwenye maelezo ambayo watu hudhani ndiyo kila kitu. Nafasi yake ni herufi 750 pamoja na nafasi kati ya maneno, na viungo vya tovuti haviruhusiwi humo. Kazi yake kubwa ni kumsaidia aliyekwisha kukuona aamue kuja. Kwa hiyo mistari miwili ya kwanza ibebe kazi na mahali, kwa kuwa mwanzo ndio unaosomwa.

Chukua maelezo ya aina hii: "Karibu saluni bora kuliko zote, tunatoa huduma za kipekee kwa bei rafiki, mteja ni mfalme." Yangeweza kubandikwa kwenye gereji. Sasa tuyaandike upya kwa saluni ya mfano iliyo Sinza Mori:

"Tunasuka rasta, knotless, kilimanjaro na mabutu kwa watu wazima na watoto. Tupo Sinza Mori, Barabara ya Shekilango, fremu za chini, karibu na kituo cha daladala. Tunaanzisha na kukaza dreadi, tunashonea wivingi, na tunaosha na kutia stimu nywele za asili. Rasta ndogo huchukua saa tano hadi saba, hivyo njoo asubuhi au weka nafasi siku moja kabla. Unaweza kuja na rasta zako. Nyeusi na kahawia tunazo. Jumapili tunafungua mchana, baada ya ibada."

Hakuna sifa hata moja hapo, lakini mama mwenye binti wa miaka sita amejua kwamba mtoto atasukwa, na mfanyakazi wa ofisini amejua kwamba akifika saa kumi jioni hatamaliza rasta ndogo. Mtaa umetajwa mara moja, na inatosha. Kurudia "Sinza" katika kila sentensi hakukusogezi karibu na mteja, na kunachosha kusoma.

Ukiwa na ukurasa wako wa tovuti

Zamani Google ilikupa tovuti ndogo ndani ya wasifu. Ilizifunga Machi 2024. Ukitengenezewa ukurasa wako, mmoja unatosha, mradi bei na huduma ziwe maandishi. Bango la bei lililopigwa picha linapendeza machoni, lakini usitegemee kwamba Google italisoma kama inavyosoma maandishi. Mambo mawili umwombe fundi wako: kichwa cha ukurasa kinachoanza na kazi na mahali, na kitufe cha WhatsApp chenye namba iliyoanza na 255, bila sifuri wala alama ya kujumlisha.

```html
<title>Kusuka rasta, knotless na dreadi - Sinza Mori</title>
<a href="https://wa.me/2557XXXXXXXX">Weka nafasi</a>
```

Jina, namba ya simu na mahali vifanane na vilivyo kwenye wasifu na Instagram. Namba ya zamani iliyosahaulika sehemu moja itaendelea kupigiwa na wateja usiowajua.

Utajuaje kwamba imefanya kazi?

Usijitafute ukiwa umekaa ndani ya saluni yako. Hapo umbali ni sifuri, na utajiona wa kwanza hata kama wasifu ni mbovu. Fungua sehemu ya utendaji ndani ya wasifu. Inaonyesha maneno ambayo watu walitafuta wakakuona, pamoja na idadi ya waliopiga simu na walioomba njia. Ukikuta wengi walitafuta jina lako, hao walikuwa wanakujua tayari. Unachotaka kuona kikiongezeka ni utafutaji wa kazi: "kusuka Sinza", "kukaza dreadi", "mabutu ya watoto".

Maoni ya wateja husaidia hapa pia. Mteja akisimama kioo mbele ya uso na kuridhika, mwombe aandike amesukwa nini na imechukua muda gani, si "huduma nzuri" tu. Usimpe punguzo wala zawadi kwa hilo; Google inakataza, na maoni ya kununua hufutwa. Mjibu kila mmoja, hasa aliyelalamika kwamba mistari ilikazwa mno au alisubiri sana, kwa sababu anayesoma jibu lako ni yule anayefikiria kuja.

Mwisho wa kila mwezi, linganisha maneno yaliyo kwenye utendaji na orodha yako ya huduma. Neno likionekana pale na kazi hiyo mnaifanya lakini haimo kwenye orodha, ongeza mstari wake siku hiyo hiyo. Na mtindo ambao msusi wake ameondoka, ufute, ili dada wa harusi ya Jumamosi asivuke mji mzima kuja kuambiwa kwamba siku hizi hamuusuki.